Chuma cha Maharage Hakifiki Chote Kwenye Damu

Agosti 25, 1991, katika Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo, Mmarekani Carl Lewis alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.86 na kuweka rekodi mpya ya dunia. Alikuwa na umri wa miaka 30, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa ameachana na nyama, mayai na maziwa. Kwa hiyo ubishi kwamba asiyekula nyama hawezi kushinda ulikwisha zamani. Kilichobaki ni hesabu ya virutubisho vichache ambavyo mla nyama huvipata bila hata kuviwazia.

Kinachosumbua wengi ni madini ya chuma, hasa kwa wanawake wa mbio ndefu. Chuma ndicho kinachojenga hemoglobini, ile inayobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Mkimbiaji hukipoteza kwa jasho, kidogo kupitia utumbo, na kwa chembe nyekundu zinazopasuka kila nyayo zinapogonga barabara. Mwanamke huongezea hedhi.

Tuseme mwanariadha huyo ameketi jioni mbele ya ugali, sukuma wiki na bakuli la maharage. Maharage hayo yana chuma kiasi cha miligramu 4 hadi 5, na kwa macho yanatosha. Lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Ikiingia sehemu moja kwa kumi, amepata nusu miligramu, ilhali mwili wake unahitaji kama miligramu moja na nusu iingie kila siku. Akishushia na chai ya rangi, hata hiyo nusu miligramu inaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Akikamulia limau, au akala kachumbari yenye nyanya na pilipili hoho, vitamini C hurahisisha ufyonzwaji. Chai isubiri saa moja au mbili. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa.

Kuna na suala la saa. Baada ya mazoezi makali, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia chuma kupita utumboni, na kizuizi hicho huwa kikali kati ya saa 3 na 6 baadaye. Anayefanya mazoezi alasiri na kula usiku hula wakati mbaya. Mlo wa asubuhi, mara tu baada ya mbio za alfajiri, humfaa zaidi.

Upungufu hauanzi kwa kuanguka uwanjani. Huanza kwa miguu mizito na muda unaorudi nyuma, huku kipimo cha hemoglobini kikisema mambo ni sawa. Cha kuomba maabara ni feritini, inayoonyesha akiba. Madaktari wengi wa michezo huanza kuwa na wasiwasi ikishuka chini ya mikrogramu 30 kwa lita. Ila malaria au homa yoyote huipandisha kwa muda, kwa hiyo apimwe akiwa amepona. Na asimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha, maana mwili hauna njia rahisi ya kutoa kilichozidi.

Zinki ina adui yuleyule wa chuma: fitati, iliyomo kwenye nafaka na kunde. Kuloweka maharage na kumwaga maji, au kuchachusha unga wa uji, hupunguza fitati hiyo. Wapishi wa togwa wamekuwa wakifanya hivyo bila kusoma jarida lolote.

Kreatini haihusu sana mkimbiaji wa marathoni. Ni nishati ya haraka ya misuli kwa mbio fupi na kunyanyua vyuma. Mwili hutengeneza kama gramu moja kwa siku, na mla nyama huongeza karibu kiasi hichohicho. Asiyekula nyama huwa na akiba ndogo misulini, na ndiyo maana akianza kutumia unga wa kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, mara nyingi hunufaika kuliko mwenzake. Unga huo hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, bila mnyama. Huvuta maji misulini na kuongeza uzito kidogo, jambo ambalo mkimbiaji wa masafa hatalifurahia.

Vitamini B12 haina mjadala. Hutengenezwa na bakteria na hutufikia kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Anayekula mimea pekee hana budi kutumia kidonge au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo. Spirulina haisaidii, kwani sehemu kubwa ya iliyomo humo mwili hauwezi kuitumia. Akiba ya ini hudumu miaka kadhaa, hivyo mtu hujiona mzima na kudhani ameshinda. Mbaya zaidi, foleti nyingi kwenye mboga za majani huweza kuficha upungufu wa damu wakati neva zinaendelea kuharibika. Ganzi kwenye vidole vya miguu, ambayo mkimbiaji anaweza kuilaumu kwa viatu vyake, ni sababu ya kwenda kupima wiki hiyohiyo, kwa kuwa neva zikichelewa kutibiwa huenda zisirudi zilivyokuwa.