Ngazi ya Kukunja ya Darini: Anza na Miguu Yake

Aliyechoka kuazima ngazi kila tangi la darini linapovuja au waya unapokatika hununua ngazi ya kukunja. Ni vipande vitatu vilivyoungwa kwa bawaba na kulala juu ya mlango wa tundu la dari; ukiuvuta mlango, ngazi inashuka nao. Wanunuzi wengi hukagua unene wa mbao. Mimi ningekagua kwanza miguu.

Ngazi hizi huja ndefu ili fundi azikate kulingana na kimo cha dari. Ikibaki ndefu, vipande havinyooki. Ikikatwa fupi, miguu haigusi sakafu sawasawa, na uzito wa mpandaji unaishia kwenye bawaba na skrubu badala ya sakafuni. Bawaba hupinda polepole, na siku moja hung'oka mtu akiwa katikati na ndoo mkononi.

Kupima si kazi ngumu. Nyoosha vipande viwili vya juu, cha tatu kikiwa bado kimekunjwa. Weka futikamba kwenye ungio la pili, uivute sakafuni kwa kufuata mteremko uleule wa ngazi, mara moja kwenye ukingo wa mbele anakopandia mtu, mara nyingine kwenye ukingo wa nyuma. Kwa mbao ya upana wa sentimita 8, mbele ikitoka sentimita 94, nyuma itakuwa kama 90. Unganisha alama hizo, ukate mshazari. Pima kila mguu peke yake, kwani sakafu zetu si zote zilizo sawa.

Springi mbili za pembeni ndizo zinazosaidia kuinua mlango. Huvutika zaidi mlango ukiwa wazi, kwa hiyo kamwe usizifungue wakati huo: springi itaruka kwa nguvu na mlango utaanguka. Mlango ukianza kuning'inia kidogo bila kufunga vizuri, springi zimechoka. Badilisha zote mbili pamoja. Ukibadilisha moja, mlango utavutwa upande na bawaba zitakwaruza fremu.

Fremu nayo ishikwe na mbao imara zilizofungwa kwenye kenchi, si vile vijiti vya kushikilia jipsamu. Kenchi yenyewe isikatwe ili kupanua tundu bila mhandisi kuona. Ndiyo inayobeba paa.

Nyumba yenye watoto, fimbo ya kuvutia mlango itundikwe wasipofika, maana mtoto akiuvuta mlango utamshukia kichwani.

Fundi akimaliza, usimlipe kwanza. Simama kwenye kidato cha chini, mwenzako ajaribu kupitisha karatasi katika kila ungio. Ikipita, vipande havijakutana: mwambie apime upya mbele yako.