Jina lako limo CRB hata kama hudaiwi

Mkenya akisema "niko CRB" huwa anamaanisha kwamba ameharibikiwa. Ameomba mkopo akanyimwa, au ameitwa kazini akaambiwa alete cheti, akagundua kuna deni la simu la zamani linalomfuata. Lakini ukweli ni kwamba karibu kila mtu aliyewahi kukopa benki, au kukopa kwa simu kupitia benki, yumo CRB, akiwemo yule aliyelipa mpaka shilingi ya mwisho kabla ya tarehe. Ofisi hizi za kuhifadhi taarifa za mikopo zilipoanza kupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2010, zilikusanya habari za wasiolipa tu. Kanuni za 2013 zilibadilisha mambo: mabenki yakatakiwa kupeleka habari zote, nzuri na mbaya, kwa ofisi zote zenye leseni. Leo ofisi hizo ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Kwa hiyo swali la maana si kama umo au humo. Swali ni nini kimeandikwa kukuhusu, na kama kilichoandikwa ni kweli.

Ripoti yenyewe ni kama daftari la duka, ila wanaoandika humo ni wadai wako na wewe hukuwepo walipokuwa wakiandika. Kila mkopo una mstari wake. Humo utakuta jina la mkopeshaji, namba ya akaunti, tarehe mkopo ulipofunguliwa, kiasi ulichokopa, salio la sasa, siku ulizochelewa, kiasi na tarehe ya malipo ya mwisho, na hali ya akaunti: inalipwa, imefungwa, au imekwama. Mahali pengine katika ripoti hiyo hiyo kuna orodha ya watu waliofungua faili lako, yaani kila benki au kampuni iliyokuchunguza ulipoomba pesa. Mikopo uliyomdhamini mtu mwingine nayo inaweza kuonekana. Ndugu yako akiacha kulipa mkopo ulioutilia sahihi, usishangae mstari wake ukikugusa.

Alama ni kitu kingine. Ofisi huchukua mistari hiyo yote, ikaipitisha katika hesabu yake, ikatoa namba moja inayokadiria uwezekano wa wewe kuacha kulipa. Metropol hutoa alama kati ya 200 na 900, na aliye na deni lililokwama huangukia chini, kwenye 400 au pungufu. Kila ofisi ina hesabu yake, kwa hiyo namba ya ofisi moja hailinganishwi na ya nyingine. Wala alama haikupi mkopo. Benki huitazama pamoja na mshahara wako, miamala yako na dhamana, kisha ikaamua yenyewe.

Kinachoshusha alama zaidi ya yote ni kuchelewa, na kuchelewa kuna ngazi zake. Kwa kipimo cha Benki Kuu, mkopo uliopitisha tarehe kwa siku 30 au chini ya hapo bado ni wa kawaida. Kutoka siku 31 hadi 90 unawekwa chini ya uangalizi. Ukivuka siku 90 unahesabiwa kuwa umekwama, na hapo ndipo watu husema jina "limepelekwa". Kabla ya kulipeleka kama jina la asiyelipa, mkopeshaji anatakiwa akupe ilani ya siku 30. Tatizo ni kwamba ilani hiyo mara nyingi huja kwa ujumbe wa simu, na mtu aliyebadilisha laini haioni kamwe. Kanuni za 2020 ziliongeza kinga nyingine: deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipelekwi kama taarifa mbaya. Zamani mtu aliweza kukwama miaka kwa ajili ya shilingi mia mbili.

Baada ya kuchelewa kuna mambo madogo zaidi. Kuomba mikopo mahali pengi ndani ya muda mfupi huacha alama za uchunguzi mfululizo, na mkopeshaji akiziona huhisi mtu huyu ana dhiki. Kuwa na mikopo mitano midogo inayolipana yenyewe kwa yenyewe nako hakupendezi. Hata hivyo, haya ni madoa. Kuvuka siku 90 ni jeraha. Tena jeraha lenye kumbukumbu ndefu, kwa sababu taarifa mbaya hubaki kwenye faili kwa miaka mitano kuanzia siku ulipomaliza kulipa deni. Wengi hulipa leo wakitarajia faili liwe jeupe kesho. Kinachobadilika kesho ni hali ya mstari: kutoka linalodaiwa hadi lililolipwa. Historia inabaki, ingawa uzito wake hupungua kadiri malipo mazuri yanavyorundikana juu yake.

Sasa tuje kwenye makosa, ambako mtu wa kawaida ana nguvu kuliko anavyodhani. Tuchukue mfano wa mama anayeuza mitumba Voi. Tarehe 3 Machi alikopa shilingi 5,000 kwa simu. Ada ilikuwa 375, kwa hiyo alitakiwa kurudisha 5,375 ifikapo tarehe 2 Aprili. Siku hiyo alikuwa na 2,000 tu, akazilipa. Salio la 3,375 likaongezewa ada nyingine ya 253, likawa 3,628. Tarehe 17 Aprili alipata pesa, akalipa 3,628 zote kupitia nambari ya malipo ya mkopeshaji, akapata ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha, akasahau habari hiyo.

Novemba akaenda kuomba mkopo wa pikipiki, akanyimwa. Aliomba ripoti yake tarehe 2 Novemba, akakuta mstari wa mkopo ule ule: salio 3,628, siku 214 za kuchelewa, hali yake umekwama. Mtu mwenye hasira angeishia kwenye neno hilo la mwisho. Yeye alitazama sehemu ya malipo ya mwisho, ikasema shilingi 2,000, tarehe 2 Aprili. Hapo jibu likajitokeza. Malipo ya pili hayakuingia kwenye mkopo wake kabisa. Siku 214 ni hesabu sahihi kutoka tarehe 2 Aprili hadi 2 Novemba. Kompyuta haikukosea hesabu, ila haikujua kwamba deni lilishalipwa. Alipochukua taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule aliona sababu: kwenye sehemu ya namba ya akaunti alikuwa ameandika namba yake ya simu akaruka tarakimu moja. Pesa zilifika kwa mkopeshaji, zikakaa kwenye akaunti ya malipo yasiyojulikana mwenyewe.

Kosa la aina hii ni la kawaida sana, na hutambulika kwa njia hiyo hiyo: linganisha tarehe na kiasi cha malipo ya mwisho kwenye ripoti na kumbukumbu zako. Zikitofautiana, malipo yamepotea njiani. Zikilingana na salio likawa sifuri huku hali bado inasema umekwama, basi mkopeshaji hajapeleka taarifa mpya. Na ukiona mkopo kwa mkopeshaji ambaye hujawahi kushughulika naye, angalia namba ya kitambulisho na ya simu iliyoandikwa hapo. Huenda umechanganywa na mtu mwingine, au kuna aliyekopa kwa kitambulisho chako. Hilo la mwisho ni jinai, na inabidi upite kituo cha polisi kwanza.

Njia ya kurekebisha ina milango miwili, na inafaa kugonga yote kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni mkopeshaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika mstari na ndiye mwenye uwezo wa kusema umekosewa. Mama wa Voi anamwandikia barua fupi: namba ya mkopo, kiasi, tarehe, msimbo wa muamala wa M-Pesa, na ombi moja tu, kwamba shilingi 3,628 zihamishiwe kwenye mkopo wake kwa tarehe zilipolipwa, 17 Aprili. Tarehe hiyo ina uzito mkubwa. Wakizihesabu kana kwamba zimelipwa Novemba, mstari utasomeka umelipwa baada ya miezi saba na jeraha litakaa miaka mitano. Wakizihesabu Aprili, alichelewa siku 15 tu, na taarifa ya kukwama haikupaswa kuwepo tangu mwanzo.

Mlango wa pili ni ofisi ya CRB yenyewe. Kanuni zinakuruhusu kupinga taarifa kwa maandishi. Ndani ya siku tano za kazi, ofisi inapaswa kubandika kwenye faili lako ilani kwamba mstari huo unabishaniwa, na kumtaka mkopeshaji athibitishe. Uchunguzi usipokamilika ndani ya siku 21, taarifa inayobishaniwa inafutwa, ingawa inaweza kurudishwa ikithibitika baadaye kuwa ni kweli. Ukishindwa kwenye uchunguzi na bado unaona umeonewa, una haki ya kuambatisha maelezo yako mafupi, yasiyozidi maneno mia moja, ili kila atakayefungua faili ayasome. Zaidi ya hapo kuna Benki Kuu, na kuna Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa sababu sheria ya 2019 inakupa haki ya kusahihishiwa taarifa zako zisizo za kweli.

Kwa kuwa mkopeshaji hupeleka taarifa kwa ofisi zote tatu, kusahihisha moja hakutoshi. Baada ya mwezi mmoja hivi omba tena ripoti za zote. Kila ofisi inatakiwa kukupa nakala moja ya bure kila mwaka.

Niseme pia habari ya wale wanaotangaza mitandaoni kwamba watakufutia jina kwa shilingi elfu mbili au tatu. Hawana mlango wa tatu. Taarifa ya uongo utaifuta mwenyewe bila malipo, na taarifa ya kweli hawawezi kuifuta. Wanachouza mara nyingi ni cheti cha kughushi, ambacho mwajiri au benki hukigundua kwa kuuliza CRB mara moja. Hata mpango wa Benki Kuu wa Novemba 2022, uliowataka mabenki kuwapunguzia nusu ya deni waliokwama kwenye mikopo ya simu ya siku 30 au chini ya hapo, ulimtaka mkopaji alipe nusu iliyobaki. Hakuna aliyesafishwa kwa kufutiwa tu.

Kama unapanga kuomba mkopo mwezi wa Desemba, chukua ripoti zako Oktoba. Siku 21 za uchunguzi na wiki chache za mkopeshaji kupeleka taarifa mpya hazitaingia ndani ya wiki moja ambayo afisa wa mikopo anakungoja.