Ukuta Uliovunjika Lakini Umesimama

Ukuta wa zege unapogongwa na kuporomoka kwenye filamu, mara nyingi hakuna hata mfuko mmoja wa saruji ulionunuliwa. Ukuta umeundwa ndani ya kompyuta, ukakatwa vipande, kisha programu ikapiga hesabu ya jinsi kila kipande kitakavyoanguka. Anayeanza kazi hii hudhani ugumu uko kwenye kubomoa. Akichezesha mwigo wake kwa mara ya kwanza, anashangaa kuona ukuta umefumuka wenyewe kabla mpira wa chuma haujaufikia. Hapo ndipo anapotambua kazi yenyewe: ukuta huu umeshavunjika tangu mwanzo, na yeye anatakiwa kuusimamisha mpaka upigwe.

Tuchukue ukuta mmoja na tuufuate hatua kwa hatua katika Blender, programu ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Hesabu za kugongana kwa vitu humo hufanywa na injini iitwayo Bullet, kazi ya Erwin Coumans, ambaye mwaka 2015 alitunukiwa kwa ajili yake tuzo ya ufundi na taasisi ile ile inayotoa Oscar. Ukuta wetu una upana wa mita 4, kimo cha mita 2.5 na unene wa sentimita 20. Ujazo wake ni mita 2 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo ukuta mzima una kilo 4,800.

Kukata ni kazi ya kiongezi kiitwacho Cell Fracture. Unatawanya nukta ndani ya ukuta, tuseme 150, na kila nukta inajichukulia eneo lililo karibu nayo kuliko lilivyo karibu na nukta nyingine yoyote. Mipaka ya maeneo hayo ndiyo nyufa. Mgawanyo huu unaitwa kwa jina la mwanahisabati Georgy Voronoy, aliyefariki mwaka 1908. Nukta zikitawanywa sawasawa kila mahali, vipande vyote vinalingana na jicho linagundua udanganyifu mara moja. Fundi huzirundika nukta pale mpira utakapogonga na kuzipunguza kuelekea kingo, ili katikati patoke kifusi na pembeni yabaki mapande makubwa.

Vipande vya namna hii vina sifa moja nzuri: havina mabonde wala pembe zilizoingia ndani. Bullet huhesabu haraka zaidi inapopewa umbo la aina hiyo, lile linaloitwa Convex Hull kwenye skrini, yaani ganda lililovutwa kukizunguka kipande. Balaa huanza ukuta ukiwa na dirisha. Kipande kilichoko kwenye pembe ya dirisha hutoka na umbo la L, na ganda linapovutwa kukizunguka, linaziba lile pengo la L. Kama kipande kingine kimeingia kwenye pengo hilo, basi kwa macho yako viwili hivyo vimepakana, lakini kwa Bullet vimeingiliana. Injini haivumilii vitu viwili kukaa mahali pamoja. Katika fremu ya kwanza tu inavisukuma viachane, navyo vinawasukuma majirani, na ukuta unalipuka. Dawa ni kuukata kwanza ukuta kuwa mistatili isiyo na tundu, juu, chini na pande mbili za dirisha, kisha kuvunja kila mstatili peke yake.

Sasa vipande vimekaa vizuri, lakini hakuna kinachovishikilia. Mtetemo mdogo unatosha kuviangusha. Ndipo tunaweka viungo. Kiungo cha aina ya Fixed hushika vipande viwili visiachane wala visizunguke, na ukiwasha Breakable, kitakatika kikipokea msukumo unaozidi kiwango ulichoandika kwenye Threshold. Kila kipande kinaunganishwa na majirani zake tu, na kwa vipande 150 unapata viungo 400 na kitu. Kuvifunga kwa mkono ni adhabu, hivyo wengi hutumia hati fupi ya Python inayotafuta vipande vilivyo karibu na kuvifunga wawili wawili.

Kiwango cha kukatika kiwe kipi? Blender inakuanzishia na 10, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Blender pia huzima mgongano kati ya vipande viwili vilivyounganishwa, kwa hiyo kipande cha juu hakikai juu ya cha chini. Uzito wake wote unabebwa na viungo. Kipande chetu cha wastani kina kilo 32, na kutoka chini hadi juu kuna vipande kama 10. Kiungo cha chini kabisa kikibeba peke yake vipande tisa vilivyo juu yake, kinabeba kilo 288, sawa na nguvu ya nyutoni 2,800 hivi. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde, kila fremu ikigawanywa hatua 10, ina hatua 240 kwa sekunde. Gawa 2,800 kwa 240, unapata msukumo wa karibu 12 katika kila hatua, na 10 imeshapitwa. Hata viungo viwili vikigawana mzigo, nafasi iliyobaki ni finyu. Tukiandika 50, ukuta unajibeba bila wasiwasi. Mpira wa chuma wenye kipenyo cha sentimita 80 una tani 2 na ushee, na kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde unakuja na msukumo wa zaidi ya 12,000. Viungo vya pale unapogonga havina pa kukimbilia.

Hesabu hiyo inafichua mtego mwingine. Ukiona ukuta unatetemeka, utashauriwa uongeze Substeps Per Frame. Ukitoka 10 kwenda 20, kila hatua inabeba nusu ya msukumo wa uzito, lakini Threshold yako imebaki 50. Viungo vimekuwa na nguvu maradufu bila wewe kuvigusa, na ukuta unaanza kuanguka kwa mapande makubwa yaliyogandamana. Ukizidisha hatua, punguza kiwango kwa kadiri hiyo hiyo.

Mtetemo wenyewe unatokana na namna Bullet inavyofanya kazi. Haitatui viungo vyote kwa pamoja. Inarekebisha kimoja, inakwenda kingine, kisha inarudia mzunguko, kama mtu anayewamba kitanda cha kamba: akikaza huku, kule kunalegea. Idadi ya mizunguko ni Solver Iterations, nayo huanzia 10. Ukuta mrefu unahitaji 30 au 50 ili marekebisho ya chini yafike juu. Punje za nusu kilo zilizofungwa kando ya mapande ya kilo 200 huzidisha tatizo, kwa sababu kosa dogo kwa pande zito ni teke kwa punje. Zifute, au uziongeze baadaye kama kifusi kisicho na viungo.

Kupima ni rahisi: ondoa mpira, chezesha fremu 100, na uangalie. Ukuta ukilipuka katika fremu ya kwanza, tafuta maumbo yanayoingiliana. Ukizama polepole au kuyumba, ongeza mizunguko. Ukisimama kidogo kisha ukamwagika kuanzia chini, Threshold ni ndogo. Fanya kipimo hiki Start Deactivated ikiwa imezimwa, kwani hulaza vipande mpaka viguswe na kuficha makosa yote matatu. Kuna pia kasoro ambayo kipimo hiki hakiwezi kuionyesha, nayo ni ya mpira: ukienda kasi mno hadi ukaruka kwa hatua moja umbali unaozidi kipenyo chake na unene wa ukuta kwa pamoja, unaweza kutokea upande wa pili bila kugusa kitu.