Amekwenda au Amewahi Kwenda? Kichina na Vitenzi Visivyo na Njeo

Ingia katika ofisi moja mjini Shanghai umwulizie Bwana Wang. Mwenzake akikujibu Tā qù le Běijīng, usikae kumngoja: Bwana Wang amekwenda Beijing, na hakuna aliyesema kwamba amerudi. Sasa badili swali. Uliza kama ofisini hapo yupo mtu anayeijua Beijing, na jibu liwe Tā qù guo Běijīng. Hapo mambo ni mengine kabisa. Bwana Wang amewahi kufika Beijing, safari hiyo imekwisha, na huenda sasa hivi yuko chumba cha pili anakunywa chai. Sentensi hizo mbili zinatofautiana kwa silabi moja nyepesi tu, ambayo hata toni kamili haina.

Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo. Sisi tuna anakwenda, alikwenda, amekwenda na atakwenda. Mchina ana qù peke yake, jana, leo na kesho. Kama msikilizaji anahitaji kujua lini, ataambiwa kwa neno la wakati, mathalani zuótiān, yaani jana, au ataelewa kutokana na mazungumzo yenyewe. Wanaisimu hutenganisha vitu viwili hapa. Njeo hueleza jambo lilitokea lini. Hali hueleza jambo lenyewe limefikia wapi: linaendelea, limefika kikomo, au limepita na kuacha uzoefu. Kichina hakina njeo katika kitenzi, lakini hali kinazo, na le (了) na guo (过) ni alama mbili za hali zinazowasumbua zaidi wanaojifunza lugha hiyo.

Mswahili anapokutana na le kwa mara ya kwanza huidhani kuwa ni -li- yetu, na kwa siku chache dhana hiyo humfaa. Kisha anakutana na sentensi kama hii: Míngtiān wǒ chī le fàn jiù qù. Neno kwa neno ni kesho, mimi, kula, le, chakula, ndipo, kwenda. Maana yake ni "Kesho nikishakula nitakwenda." Jambo zima liko mbele yetu, hakuna lililopita, na bado le imo. Kazi yake hapo ni kusema kwamba kula kutafika kikomo kwanza, ndipo kwenda kuanze. Tafsiri yetu inafanya vivyo hivyo kwa -sha-, ambayo asili yake ni kitenzi kwisha. Le nayo ilizaliwa kwa njia hiyohiyo: zamani ilikuwa kitenzi liǎo, "kumaliza", kikapungua sauti na uzito kadiri kilivyozoeleka nyuma ya vitenzi vingine.

Upande wa pili, yapo mengi yaliyopita ambayo hayataki le. Xiǎo shíhou wǒ cháng qù hǎibiān: "Utotoni nilikuwa nikienda pwani mara kwa mara." Utoto umepita zamani, lakini kinachoelezwa ni desturi, na desturi haionyeshwi ikifika kikomo. Anayebandika le kila anapoona jambo la zamani atakosea hapa, na kosa hilo ndilo linalomtambulisha mgeni haraka.

Hata neno "kukamilika" linahitaji uangalifu. Wachina wengi huikubali sentensi hii bila kuona mgongano: Wǒ zuótiān xiě le yì fēng xìn, kěshì méi xiě wán. "Jana niliandika barua, lakini sikuimaliza." Le imesema tu kwamba shughuli ya kuandika ilifanyika na ikasimama. Haikuahidi kwamba barua ilifika mwisho wake. Anayetaka kuahidi hilo huongeza wán, "kumaliza", akasema xiě wán le. Mwaka 1984 mwanaisimu James Tai alitoa mfano mkali zaidi, wa mtu "aliyeuawa" mara mbili na bado asife: kitenzi shā pamoja na le kilitosha kueleza kitendo cha kuua, bila kuthibitisha kifo. Si kila mzungumzaji anayeupenda mfano huo, lakini unaonyesha vizuri kwamba kufika kikomo na kupata matokeo ni mambo mawili.

Guo ina sharti lake. Nayo ilitokana na kitenzi, guò, "kupita" au "kuvuka", na harufu ya kupita haijaiacha. Mgonjwa akimwambia daktari Wǒ shuāiduàn le tuǐ, ameanguka na kuvunjika mguu, na daktari ana kila sababu ya kuutazama mguu huo sasa hivi. Akisema Wǒ shuāiduàn guo tuǐ, anaeleza historia yake: aliwahi kuvunjika mguu, ukaunga, na hilo sasa ni la kuandikwa katika faili. Guo inadai kwamba tukio limetokea angalau mara moja na kwamba hali iliyoletwa na tukio hilo haipo tena.

Kutokana na hapo linakuja sharti jingine, kwamba tukio liwe ni la kuweza kurudiwa. Tā sǐ guo, kwa maana ya "amewahi kufa", humfanya msikilizaji ashangae, labda kama hadithi inamhusu aliyefufuka. Kuzeeka nako hakukubali guo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzeeka kisha akarudi ujanani.

Kukanusha ndiko kunakozitenganisha alama hizi waziwazi. Kikanushi cha mambo yaliyotokea ni méi. Kinapoingia mbele ya kitenzi, le ya kitenzi huondoka: Tā méi qù, "hakwenda" au "hajaenda". Kama kwenda hakukutokea, hakuna kikomo cha kuwekea alama. Guo haiondoki: Tā méi qù guo, "hajawahi kwenda", kwa sababu kinachokanushwa ni uzoefu wenyewe, na guo ndiyo iliyoubeba. Kiswahili kina tofauti hiyohiyo kati ya hajaenda na hajawahi kwenda, kwa hiyo Mswahili anayejiuliza aweke guo au asiweke anaweza kujaribu kwanza kama sentensi yake inapokea -wahi.

Bado ipo le nyingine, inayoandikwa kwa herufi ileile, ambayo hukaa mwisho wa sentensi. Charles Li na Sandra Thompson, katika sarufi yao ya mwaka 1981, waliieleza kuwa ni alama ya hali inayohusika sasa. Xià yǔ le husemwa na mtu aliyechungulia dirishani akaona mvua imeanza. Wǒ bù chī le ni "sili tena", ingawa dakika moja kabla alikuwa anakula. Hii haihusiki na kikomo cha tendo. Inasema mambo yamebadilika na msikilizaji ayazingatie.

Le zote mbili zinaweza kukutana katika sentensi moja, na hapo ndipo silabi ndogo inapoweza kumgharimu mtu. Wǒ xué le sān nián Hànyǔ ni "nilisoma Kichina miaka mitatu", na anayesikia huelewa kwamba masomo hayo yamekwisha. Wǒ xué le sān nián Hànyǔ le ni "hadi sasa nimesoma Kichina miaka mitatu", na kwa kawaida mtu huyo bado anaendelea. Anayeomba nafasi ya masomo China akiisahau le ya mwisho atakuwa amejieleza kama mtu aliyekwisha kuacha.