Tovuti Haifunguki: Imeanguka kwa Wote au ni Kwako Tu?

Ni siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo, na steshenari imejaa vijana walioshika vyeti. Kivinjari kinazunguka, kinazunguka, kisha kinaleta ukurasa mweupe: tovuti haipatikani. Mmoja anasema sistimu iko chini, turudi kesho. Mwingine anasema ni waifai ya hapa. Kama sistimu iko chini kwa wote, dawa ni kusubiri. Kama tatizo liko hapo hapo dukani, anayesubiri anapoteza nafasi yake bure. Kulijua hilo hakuhitaji fundi.

Anza kwa kusoma kilichoandikwa. Watu wengi hufunga ukurasa wa hitilafu bila kuutazama, na kumbe nusu ya jibu imo humo. Ukiona namba 500, 502, 503 au 504, ombi lako limeshafika upande wa pili. Kuna seva iliyolipokea na kujibu kwamba yenyewe, au nyingine iliyo nyuma yake, imeshindwa kulihudumia. Hapo bando lako na ruta yako havina kosa. Namba 503 hutokea sana watu wengi wanapoingia kwa pamoja, na kubonyeza tena kila sekunde kunaongeza foleni tu.

Kinyume chake, NET::ERR_CERT_DATE_INVALID inakutaka kwanza uangalie saa ya kompyuta yako. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hupoteza tarehe kila umeme ukikatika, na ikirudi miaka ya nyuma itaona vyeti vya usalama vya tovuti kama havijaanza kutumika. Tarehe ikiwa sahihi, basi huenda mwenye tovuti ndiye aliyeacha cheti chake kikapitwa na muda.

Maneno yanayosumbua ni haya mawili: ERR_CONNECTION_TIMED_OUT, yaani kivinjari kimesubiri jibu mpaka kikachoka, na ERR_NAME_NOT_RESOLVED, yaani kimeshindwa kupata anwani ya jina uliloandika. Haya hutokea tovuti ikianguka kweli, na hutokea pia njia yako ikiharibika. Kuyasoma tu hakutoshi. Lazima uitazame tovuti ile ile kupitia njia nyingine.

Turudi steshenari. Tuseme kompyuta imeandika ERR_CONNECTION_TIMED_OUT, lakini tovuti nyingine zinafunguka vizuri. Mwenye duka asikimbilie kuhama kompyuta na mtandao kwa mpigo, maana hatajua ni kipi kilichosaidia. Abadilishe kitu kimoja. Awashe hotspoti kwenye simu yenye laini ya kampuni tofauti na ile inayoleta waifai ya duka, kisha aiunganishe kompyuta ile ile. Kwenye simu yenyewe azime waifai, la sivyo baadhi ya simu zitachukua intaneti ya duka na kuipitisha tena, na njia itakuwa haijabadilika. Ukurasa ukifunguka sasa, tovuti ni nzima na kompyuta ni nzima. Kilichobaki ni ruta ya duka au kampuni inayoihudumia.

Anayetaka kujua zaidi arudi kwenye waifai ya duka, afungue Command Prompt na kuandika mistari hii, akiweka jina la tovuti anayoitaka:

```
nslookup jina-la-tovuti.ac.tz
nslookup jina-la-tovuti.ac.tz 1.1.1.1
```

Mstari wa kwanza unaiuliza seva ya majina inayotumika dukani, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni ya intaneti, tovuti hiyo ina anwani gani. Wa pili unaiuliza seva ya majina ya Cloudflare, iliyo wazi kwa kila mtu. Katika mfano wetu, majibu yanatofautiana: chuo kimehamia seva mpya, na seva ya majina ya kampuni bado inakumbuka anwani ya zamani. Wateja wa kampuni hiyo wanapelekwa kwenye nyumba iliyohamwa, huku wengine wote wakiingia bila shida. Kumbukumbu ya aina hii huisha yenyewe, baada ya dakika chache au hata siku nzima, kutegemea muda uliopangwa na mwenye tovuti. Asiyeweza kusubiri aweke 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye sehemu ya DNS ya mipangilio ya mtandao, halafu aandike `ipconfig /flushdns` ili kompyuta isahau anwani ya zamani. Hata hivyo, tovuti kubwa huwa na anwani nyingi kwa makusudi. Majibu tofauti huwa ushahidi pale tu anwani moja inapofungua ukurasa na nyingine ikikataa.

Ukiwa huna laini ya pili, tumia tovuti za kukagua, kama downforeveryoneorjustme.com. Unaandika anwani, seva yao inajaribu kuifungua, kisha inakuambia kama imefunguka. Ila jua inachokiona. Inatazama kutoka nchi nyingine, na kwa kawaida inajaribu ukurasa wa mbele tu. Inaweza kusema tovuti ni nzima wakati sehemu ya kuingiza nywila imekufa. Inaweza pia kusema imeanguka wakati tovuti imezuia wageni wa nje ya nchi na wewe ukiifungua bila tabu. Ndiyo maana check-host.net inafaa zaidi, kwa kuwa inajaribu kutoka nchi nyingi kwa pamoja na kuonyesha kila moja imepata nini.

Matukio mawili yanaonyesha tofauti. Tarehe 4 Oktoba 2021, kati ya saa 12 na saa 1 jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kote kwa takriban saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa kampuni, na seva zake za majina zikajiondoa kwenye ramani ya intaneti. Vivinjari vilidai jina halipatikani, sawasawa na vinavyodai seva ya majina ya mtaani kwako ikiharibika. Waliowasha na kuzima simu usiku kucha hawakuwa na cha kutengeneza.

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, mkaguzi aliye Ulaya atakuambia tovuti ni nzima, na atakuwa amesema kweli, wakati mtaa wako wote hauifungui. Dalili yake ni kwamba tovuti nyingi za ng'ambo zinasuasua kwenye mitandao zaidi ya mmoja, huku zile ambazo seva zake ziko humu nchini zikiwa na nafasi nzuri zaidi ya kufunguka. Hapo kuhama laini husaidia tu ikiwa kampuni ya pili inapita mkongo mwingine.

Kwa hiyo unapopiga simu huduma kwa wateja, usiishie kusema mtandao unasumbua. Taja saa tatizo lilipoanza, mtandao unaotumia, maneno kamili ya hitilafu, na matokeo uliyopata kwenye mtandao wa pili. Piga na picha ya skrini. Kama ni dirisha la maombi linalofungwa usiku huo, picha hiyo yenye saa na tarehe itunze, maana ndiyo kithibitisho chako kwamba ulijaribu kabla ya muda kwisha.