Sentensi Ikianza kwa "Lakini"

Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba sentensi haianzi kwa "na" wala "lakini". Aliyetuambia hakutaja kitabu, nasi hatukuuliza. Tumekua, tumekuwa makatibu, waandishi wa habari na wahariri, na katazo lile tumeingia nalo kazini. Leo mtu akipewa prufu asome, kalamu nyekundu hukimbilia kila "Lakini" iliyosimama baada ya nukta, hata kama sentensi yenyewe haina ila.

Katazo hilo lina chanzo kinachoeleweka. Mtoto anayejifunza insha huandika kama anavyosimulia: na tulifika, na tulimkuta bibi, na tulikula, na tulilala. Mwalimu mwenye daftari hamsini mezani hana muda wa kumweleza kila mmoja namna ya kuunga mawazo, basi anapiga marufuku neno lenyewe. Kwa mtoto wa darasa la nne dawa hiyo inafaa. Kosa ni kuihesabu kuwa sheria ya sarufi na kumpelekea mtu mzima anayejua anachoandika.

Maandishi ya Kiswahili yanayosomwa zaidi hayalijui katazo hilo. Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, aya nyingi huanza kwa "Lakini", "Basi" na "Na". Tafsiri za Kurani, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya 1969 na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya 1995, nazo zina aya nyingi zinazoanza kwa "Na", maana Kiarabu chenyewe huunga kauli kwa namna hiyo. Waliofanya kazi hizo walikuwa watu wa lugha, na hakuna atakayesema hawakujua sarufi.

Ni kweli kwamba Kiswahili hakiihitaji sana "Na" mwanzoni mwa sentensi, lakini sababu yake iko kwenye kitenzi. Tunayo "-ka-". Tukisema "alifika, akaketi, akaomba maji", ile "-ka-" imekwisha kuunga tukio na tukio. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 huanza karibu kila aya ya sura ya kwanza ya Mwanzo kwa neno lenye maana ya "na". Katika Union Version, sehemu kubwa ya kazi hiyo imebebwa na "-ka-". Kwa hiyo "Na" ikijirudia mno mwanzoni mwa sentensi, kasoro huwa ni marudio yasiyo na kazi. "Lakini" haina mbadala wa namna hiyo ndani ya kitenzi, na ndiyo inayoonewa zaidi.

Chukua kifungu hiki: "Wanakijiji walichanga fedha za kisima kwa miaka miwili. Fundi akaja, akapima, akachimba. Lakini maji hayakutoka." Mwenye kushika katazo atakirekebisha kwa njia mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza, ataunganisha: "Fundi akaja, akapima, akachimba, lakini maji hayakutoka." Sasa ukavu wa kisima umekuwa jambo la fundi peke yake, na ile miaka miwili ya michango imebaki pembeni. Katika maandishi ya awali, nukta iliyotangulia "Lakini" iliifanya sentensi ya mwisho ijibu yote mawili, michango na uchimbaji. Njia ya pili ni kuweka "Hata hivyo". Maana haiharibiki sana, ila sauti imegeuka kuwa ya ripoti ya ofisini, na mwandishi hakuchagua sauti hiyo.

Kwenye prufu kuna hasara nyingine ambayo msomaji wa kawaida haioni. Prufu ni kurasa zilizokwisha kupangwa. "Hata hivyo" pamoja na mkato wake ni ndefu kuliko "Lakini", na mstari uliokuwa umejaa utasukuma neno chini. Aya inaweza kuongeza mstari, ukurasa ukamwaga mstari huo kwenye ukurasa unaofuata, na kama faharasa imekwisha kutengenezwa, namba zake zikaanza kukosea. Msomaji prufu makini hukubali hasara hiyo pale palipo na kosa la kweli tu.

Afanyeje basi akikuta "Lakini" iliyokatwa na mtu mwingine kabla yake? Kwanza hutazama mwongozo wa mtindo wa mchapishaji. Ikiwa umeandika kwamba sentensi zisianze hivyo, hufuata, maana mchapishaji ana haki ya kuchagua sura ya vitabu vyake. Ila anajua anafuata matakwa ya mwenye kazi, si sarufi. Mwongozo ukiwa kimya, huisoma sentensi peke yake. Ikiwa imekamilika, huweka vidoti chini ya neno lililokatwa na kuandika pambizoni: libaki. Ikiwa haikukamilika, kama "Alitaka kuja. Lakini akiwa mgonjwa", hapo pana kosa, nalo ni kukosekana kwa kitenzi kikuu. Uiondoe "Lakini" na sentensi itabaki kiwete vilevile. Msomaji prufu hajazi pengo hilo kwa kubuni. Humwandikia mwandishi swali pambizoni.

Katazo jingine linahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa linaweza kugeuza maana. Wako wanaoamini kwamba "amba-" si Kiswahili safi, na kwamba kila ilipo ibadilishwe kuwa kirejeshi ndani ya kitenzi. Penye "-li-", "-na-" na "-taka-" inawezekana: aliyekuja, anayekuja, atakayekuja. Lakini katika Kiswahili sanifu "-me-" na "-nge-" hazipokei kirejeshi hicho, wala kanushi ya wakati uliopita. Husemi "mgeni" kisha ukachomeka "-ye-" ndani ya "amekuja". Huna budi kusema "mgeni ambaye amekuja".

Sasa tazama agizo la duka la vitabu: "Vitabu ambavyo havikuuzwa virudishwe ghalani." Msahihishaji asiyetaka "amba-" ataandika: "Vitabu visivyouzwa virudishwe ghalani." Sentensi imekuwa fupi na inapendeza, na maana imepotea. "Havikuuzwa" inataja wakati uliopita: viliwekwa sokoni, wateja hawakuvinunua. "Visivyouzwa" haitaji wakati, na mtunza ghala anaweza kuelewa vitabu ambavyo si vya kuuza, kama nakala za kugawa bure. Atarudisha rundo lisilo lenyewe, kwa ajili ya sheria isiyokuwepo.

Sheria ya kweli kuhusu "amba-" ipo, nayo msomaji prufu huisimamia bila kusita: usirejeshe mara mbili. "Mwalimu ambaye anayefundisha" ni kosa. Ama "mwalimu anayefundisha" ama "mwalimu ambaye anafundisha".

Ewe unayepokea prufu ya kazi yako ikiwa na "Lakini" zimekatwa, usizirudishe kwa hasira wala usizikubali kwa woga. Muulize aliyekata ni ukurasa gani wa mwongozo unaoagiza hivyo, au ni maana gani iliyopotea neno likibaki. Akikosa jibu kwa yote mawili, andika: libaki.