Lebo Isiyojifanya Daktari

Tuchukue kopo moja la mafuta ya mwili, la aina inayochanganywa jikoni Dar es Salaam, Mombasa au Unguja na kuuzwa kwa majirani, saluni na kupitia simu. Ndani mna shea bata kutoka kaskazini mwa Uganda, mafuta ya nazi ya pwani, nta ya nyuki, vitamini E kidogo na mafuta ya mchaichai kwa ajili ya harufu. Kwa kilo moja, vipimo vyake ni hivi: shea gramu 600, nazi gramu 300, nta gramu 90, vitamini E gramu 5 na mchaichai gramu 5. Ni mafuta mazuri. Ngozi iliyokauka kwa kiyoyozi au kwa upepo wa kusi itayafurahia.

Kisha inakuja lebo: “Asilia 100%. Haina kemikali. Hutibu ukurutu, fangasi na mabaka. Ina SPF 30. Hung'arisha ngozi. Haina madhara.” Mara nyingi anayeyaandika maneno hayo hana nia ya kumdanganya mtu. Ameyaona kwenye makopo ya wenzake, na wateja wawili watatu wamemwambia ngozi zao zimepona. Lakini mteja atakayesoma lebo hiyo kesho hajui hadithi hizo. Ataamini kilichoandikwa na kukifuata.

Tuanze na “hutibu”, kwa sababu ndilo neno linaloweza kumuumiza mtu zaidi. Kisheria, kipodozi ni kitu cha kusafisha, kulainisha, kunukisha au kuboresha mwonekano wa mwili. Kikishadai kutibu, kuponya au kuzuia ugonjwa, kimejiita dawa, na dawa husajiliwa kwa njia nyingine. Nchini Tanzania mgawanyo huo umekuwa wazi tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi ulipohamishiwa Shirika la Viwango, yaani TBS, na iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Zanzibar kuna wakala wake, ZFDA. Kenya, viwango vya vipodozi viko chini ya KEBS na dawa ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa hiyo neno moja tu kwenye lebo linaweza kulihamisha kopo lako kutoka meza moja kwenda nyingine, ambako huna karatasi hata moja ya kuonyesha.

Hilo la sheria, hata hivyo, ni dogo kuliko la ngozi yenyewe. Fikiria mtu mwenye mabaka yaliyopauka mgongoni na kifuani. Huenda ni utangotango, fangasi wa jamii iitwayo Malasezia, ambao huishi kwa kula mafuta ya ngozi. Mafuta ya nazi na shea yana asidi za mafuta ambazo fangasi hao huzitumia, kwa hiyo mtu akijipaka kila siku akitarajia kupona, huenda anawalisha. Na si kila baka lililopauka ni utangotango. Baka ambalo ukiligusa kwa pamba mgonjwa hahisi kitu linaweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa ambao bado upo Afrika Mashariki na ambao dawa zake hutolewa bure. Ukiwahiwa, hupona kabisa. Ukicheleweshwa, mishipa ya fahamu huharibika na ganzi haiondoki tena. Miezi sita ya kupaka mafuta kwa sababu lebo ilisema “mabaka” ni miezi sita ya ugonjwa kusonga mbele. Mwenye kopo hatajua kamwe.

Je, mafuta haya yanafanya nini kwa kweli? Shea, nazi na nta hutandaza utando mwembamba juu ya ngozi na kupunguza maji yanayopotea, hivyo ngozi inabaki laini. Hiyo si kazi ndogo. Hata mwenye ukurutu huhitaji mafuta ya kulainisha pamoja na dawa anayopewa hospitali, ila kulainisha ngozi yake na kuutibu ugonjwa wake ni mambo mawili. Lebo inaweza kusema bila woga: “Hulainisha ngozi kavu na kusaidia kuhifadhi unyevu wake.” Njia nyepesi ya kujipima ni kuangalia kila kitenzi unachotaka kuandika na kujiuliza kama kinazungumzia hali ya ngozi au ugonjwa. Hulainisha, hunukisha na husafisha ni sawa. Huponya, huua na huzuia ni vya dawa. Jina la bidhaa nalo ni dai: ukiyaita mafuta “Tiba ya Chunusi”, umeshasema hutibu, hata kama maandishi ya chini yamenyamaza. Picha ya ngozi kabla na baada ya kutumia ni dai vilevile.

Sasa SPF. Namba hii haitoki kwenye kitabu wala kwenye orodha ya mafuta iliyoko mtandaoni. Inatokana na kipimo. Utaratibu wa kimataifa unaojulikana kama ISO 24444 hutaka bidhaa ipakwe kwenye migongo ya watu waliojitolea, wasiopungua kumi, kwa kiasi cha miligramu 2 kwa kila sentimita mraba. Kisha ngozi humulikwa kwa taa maalumu ili kuona inachukua mwanga kiasi gani kabla ya kuanza kuwa nyekundu, ikilinganishwa na ngozi isiyopakwa kitu. Bila kipimo hicho hakuna SPF 30, hakuna SPF 15, wala hakuna “SPF ya asili”. Mafuta ya nazi huzuia sehemu ndogo tu ya miale ya jua. Kuna wanaoongeza unga wa zinki oksidi kwa kijiko wakidhani tatizo limekwisha. Zinki huzuia jua kweli, lakini ikichanganywa kwa mkono hujikusanya vidongevidonge, na kati ya kidonge na kidonge ngozi hubaki wazi. Kwa macho huwezi kuona nafasi hizo; jua linaziona.

Hapa kwetu dai hili lina uzito wa pekee. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na losheni hiyo iko katika maabara na mikononi mwa wafamasia kwa sababu saratani ya ngozi huwapata watu wenye ualbino wakiwa bado vijana. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino akiona “SPF 30” kwenye kopo la bei nafuu sokoni, atalinunua, atampaka mwanawe na kumruhusu acheze uwanjani saa sita mchana. Kwa maoni yangu, hakuna dai la kufutwa haraka kuliko hili, na kulifuta tu hakutoshi. Ni vizuri kuandika wazi: “Mafuta haya hayakingi jua.”

Tuje kwenye “asilia”, “haina kemikali” na “haina madhara”. Asilia inaweza kusemwa kuhusu vitu hivi, ingawa vitamini E nyingi zinazouzwa hutengenezwa kiwandani, hivyo asilimia 100 yafaa kuthibitishwa kwa muuzaji kwanza. “Haina kemikali” haina maana yoyote, maana hata maji ni kemikali. “Haina madhara” ndiyo yenye hatari, na mchaichai unatuonyesha kwa nini. Karibu robo tatu ya mafuta ya mchaichai ni kitu kiitwacho sitrali, ambacho huwasababishia mzio baadhi ya watu. Gramu 5 katika kilo ni asilimia 0.5 ya mafuta yetu, na robo tatu ya hiyo ni takribani asilimia 0.37 ya sitrali. Sheria za Umoja wa Ulaya hutaka sitrali itajwe kwa jina kwenye bidhaa inayobaki mwilini pale inapozidi asilimia 0.001. Kopo letu limepita kiwango hicho kwa zaidi ya mara 300. Haimaanishi mafuta ni mabaya, kwa sababu wengi watayatumia bila shida. Lakini aliyewahi kutokwa na vipele kwa sababu ya sitrali ana haki ya kuliona jina hilo kabla hajatoa pesa.

Mzio wa aina hii hauji papo hapo. Vipele na mwasho hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu, na wakati mwingine baada ya kupaka mara kadhaa. Ndiyo maana maelekezo ya “jaribu usiku mmoja” hayatoshi. Afadhali kuandika: “Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa wiki moja. Ukiwashwa, acha.”

“Hung'arisha” nalo linahitaji tahadhari. Mwandishi wa lebo anafikiria mng'ao wa mafuta, ilhali mnunuzi wengi anafikiria weupe. Katika soko lililojaa mkorogo, ulio na haidrokwinoni au zebaki zilizopigwa marufuku, neno hilo linamvuta mtu anayetafuta kitu kingine kabisa. Sema “huipa ngozi mng'ao”, kisha ongeza “haibadilishi rangi ya ngozi.”

Tukiiandika upya, lebo yetu inasomeka hivi: “Mafuta ya mwili ya shea na nazi, yenye harufu ya mchaichai. Hulainisha ngozi kavu na kuipa mng'ao. Haibadilishi rangi ya ngozi. Hayakingi jua. Viambato: shea, mafuta ya nazi, nta ya nyuki, vitamini E, mafuta ya mchaichai (yana sitrali). Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa wiki moja. Kwa matumizi ya nje tu. Tumia vidole vikavu. Huyeyuka kwenye joto. Hiyo si dalili ya kuharibika.” Chini yake huwekwa uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho ya kutumia na namba ya toleo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, na kwa soko la nje majina ya kimataifa ya Kilatini huongezwa.

Ile sentensi ya kuyeyuka ni ya Dar hasa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 25, na shea huanza kulainika karibu na 32, kwa hiyo kopo lililosafirishwa kwa bodaboda mchana huweza kufika likiwa uji. Likiganda tena polepole hufanya chembechembe kama mchanga. Mteja asiyeambiwa hudhani ameuziwa kitu kibovu. Dalili ya kweli ya kuharibika ni harufu ya mafuta yaliyochacha, na tarehe ya mwisho isipite ile ya mafuta yanayowahi kuisha muda kati ya uliyochanganya. Kama shea yako inaisha Machi, kopo lako nalo linaisha Machi, hata kama ulilijaza Januari.

Vidole vikavu navyo vina sababu. Kopo hili halina maji wala kihifadhi, na bila maji bakteria na ukungu hawapati pa kuzaliana. Ukiamua kuongeza utomvu wa alovera ili upate kuchora jani lake kwenye lebo, umeingiza maji, na ndani ya siku chache uchafu usioonekana unaweza kuanza kukua. Hapo mchanganyiko unahitaji kihifadhi kinachofaa na kupimwa maabara, na maneno “bila vihifadhi” yanageuka kuwa tangazo la hatari.

Kuhusu namba ya toleo, wengi huiacha wakiona ni mambo ya viwanda vikubwa. Inatosha kuwa tarehe ya kuchanganya na herufi moja, ikiandikwa kwenye kopo na kwenye daftari la jikoni, pembeni ya jina la muuzaji wa kila kiambato. Siku mteja akipiga simu kusema shingo imemvimba, muulize namba hiyo, kisha fungua daftari uone ni makopo mangapi mengine ya toleo lilelile yameshatoka na yamekwenda kwa nani.